Muda wa Tasnifu Unakubana? Andika Barua Itakayorudi na Saini

Masika hayasomi ratiba ya tasnifu. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, unatafiti wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Ulipanga kuhoji kaya 240 katika vijiji 4, kaya 60 kila kijiji. Ukaanza vizuri Februari, mvua za Machi zikajaza bonde, barabara ikakatika, nawe umebaki na kaya 156 mkononi. Tasnifu inatakiwa 30 Juni. Sasa ni Aprili, na unahitaji kumwandikia msimamizi wako. Vuta kiti, barua hii inaandikika jioni moja!

1. Ombi liwe mlangoni, lisijifiche uani

Wengi huanza na salamu ndefu, kisha historia ya utafiti, kisha mvua, na ombi lenyewe linajitokeza ukurasa wa pili. Msimamizi ana wanafunzi wengine na mitihani ya kusahihisha. Mwambie unachotaka tangu kwenye kichwa cha barua: “Yah: Ombi la kuongezewa miezi mitatu ya kukamilisha tasnifu, hadi 30 Septemba.” Aya ya kwanza nayo iende moja kwa moja:

“Mpendwa Dokta, naomba tarehe yangu ya kuwasilisha tasnifu isogezwe kutoka 30 Juni hadi 30 Septemba. Hadi sasa nimehoji kaya 156 kati ya 240. Kazi ilisimama mwezi Machi baada ya barabara ya kuingia vijiji viwili kufunikwa na maji. Ratiba mpya na vielelezo vya kazi iliyofanyika nimeviambatisha.”

Sentensi nne tu, na tayari anajua ombi, ulipofika, kilichokwamisha na mahali pa kutazama. Kumbuka pia kwamba mara nyingi saini ya msimamizi peke yake haitoshi: ombi hupanda hadi idara au kurugenzi ya shahada za uzamili. Andika barua ambayo yeye anaweza kuipeleka juu bila kuanza kukuelezea upya.

2. Tarehe mpya itoke kwenye kasi yako

Hapa ndipo barua nyingi hulegea. Mwanafunzi huomba “miezi mitatu” kwa sababu inasikika vizuri, na msimamizi mwenye uzoefu huuliza swali moja tu: kwa nini si miwili? Jibu lake unalo kwenye daftari lako la uwandani.

Chukua kalamu. Wewe na mdadisi mwenzako mlihoji kaya 156 kwa siku 20 za kazi, yaani karibu kaya 8 kwa siku. Zimebaki 84. Kwa kasi ileile, ni siku 11. Lakini usikimbilie kuandika 11! Mwezi Juni mpunga unavunwa, watu wako shambani tangu alfajiri, na wengi utawapata jioni tu. Shusha kasi hadi kaya 6 kwa siku, upate siku 14. Ukianza 9 Juni barabara ikishakauka, na ukiacha siku chache za kuwarudia waliokosekana, unamaliza 30 Juni bila kuhema.

Weka hesabu hiyo ndani ya barua, kwa mistari miwili au mitatu. Msimamizi akiona kwamba umepunguza kasi mwenyewe kwa sababu ya mavuno, ataelewa kuwa anaongea na mtu anayekijua kijiji anachokitafiti.

3. Kila hatua iwe na kitu cha kukabidhi

“Julai: uchambuzi wa data” haimsaidii mtu. Uchambuzi umefikia wapi? Nani atajua? Badala yake, kila tarehe ifuatane na kitu anachoweza kukifungua na kukisoma:

30 Juni: hojaji zote 240, pamoja na muhtasari wa kila kijiji.
25 Julai: data iliyosafishwa na majedwali ya matokeo.
15 Agosti: rasimu ya Sura ya Nne.
5 Septemba: rasimu ya tasnifu nzima.
30 Septemba: nakala iliyorekebishwa, tayari kuwasilishwa.

Tazama nafasi kati ya 5 na 30 Septemba. Ni ya msimamizi kusoma kwa wiki mbili, na wewe kurekebisha kwa siku zinazobaki. Ratiba nyingi husahau kabisa kwamba msimamizi naye anahitaji muda, zikamletea kurasa mia moja na zaidi siku tatu kabla ya mwisho. Ukimtengea wiki zake kwa maandishi, umemheshimu, na pia umepata tarehe ya kumkumbusha kwa adabu.

Weka ratiba ya zamani na mpya kwenye jedwali moja, safu mbili zikitazamana. Hatua zilizokwisha, kama Sura ya Kwanza hadi ya Tatu, ziache humo na uandike “imekamilika” pamoja na tarehe. Macho yake yataona kilichosogea na kilichobaki palepale.

4. Vielelezo vichache vyenye uzito

Usimbebeshe mzigo wa karatasi. Vitatu vinatosha. Cha kwanza ni jedwali la hojaji kwa kila kijiji: cha kwanza 60, cha pili 60, cha tatu 36, cha nne 0, pamoja na tarehe za kuhoji. Kama ulikusanya data kwa simu kupitia KoboToolbox, kila hojaji tayari ina tarehe yake ya kutumwa, kwa hiyo jedwali hili ni kazi ya muda mfupi. Cha pili ni barua fupi ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba njia ilikatika na tangu lini. Cha tatu ni sura zilizorekebishwa, ukionyesha maoni ya msimamizi uliyoyafanyia kazi. Hicho huwa kinamgusa zaidi, maana anaona kazi yake mwenyewe haikupotea.

Tahadhari moja kubwa: usiambatishe hojaji zenye majina au namba za simu za wakulima. Uliwaahidi usiri. Tumia namba za utambulisho wa kaya.

5. Kagua vibali kabla hujatuma

Barua ya chuo inayokutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa huweza kutaja kipindi cha utafiti. Kibali cha maadili nacho kina ukomo, na kwa wasomaji wa Kenya, leseni ya NACOSTI huandikwa tarehe inapoisha. Msimamizi anaweza kukubali Septemba, kisha ukafika wilayani tarehe 9 Juni na kuambiwa karatasi yako iliisha Mei.

Zitoe zote leo, andika tarehe ya mwisho ya kila moja. Kama ipo inayoisha kabla ya 30 Juni, ongeza mstari kwenye barua yako: “Naomba pia barua mpya ya utambulisho, kwa kuwa ya sasa inaisha 31 Mei.” Halafu itume barua hiyo Aprili hii hii, ili karatasi mpya iwe mkononi kabla maji hayajashuka.