Dondoo muhimu: Akaunti ya mtoto isiwe Administrator

Akaunti ya kwanza kufunguliwa kwenye Windows huwa Administrator, na nyumbani mara nyingi ndiyo watoto wanayochezea. Humo, mchezo uliopakuliwa ukitaka kugusa mfumo, kidirisha huuliza tu Yes au No, na mtoto atabonyeza Yes. Akiwa Standard User, kidirisha hichohicho hudai nywila ya mzazi.

Katika Windows 11, ingia kwa akaunti yako ya Administrator, yenye nywila asiyoijua mtoto. Fungua Settings > Accounts > Other users, chagua akaunti ya mtoto, bonyeza Change account type, kisha Standard User. Faili zake hazipotei. Programu zinazojisakinisha ndani ya folda yake bado zitapita, hivyo kagua Installed apps ukiwa kwenye akaunti yake, si yako.