Kumwomba Usiyemjua Akupendekeze Kazini: Anza na Namba ya Tangazo

Kampuni nyingi kubwa zina mfumo wa ndani unaomwezesha mfanyakazi kumpendekeza mtu kwa nafasi iliyotangazwa. Hufungua fomu, hujaza jina na barua pepe yako, huambatisha wasifu wako, kisha huchagua nafasi kwa namba yake. Ukimwandikia "naomba unisaidie kupata kazi hapo kwenu", umemwachia mgeni kazi ya kukutafutia nafasi, na wengi hawatajibu.

Chukua binti wa Nairobi anayetafuta kazi ya uchambuzi wa data. Kwenye tovuti ya kampuni, cheo hicho kimetangazwa mara mbili, Nairobi na Kampala, kila tangazo na namba yake. Akitaja cheo peke yake anaweza kupendekezwa kwa nafasi ya Kampala, na yeye hana mpango wa kuhama. Namba aichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa sababu tovuti za matangazo ya kazi mara nyingi huwa na namba zao. Kwa kawaida iko chini ya cheo au mwishoni mwa tangazo, karibu na maneno kama "Job ID". Ainakili na kuibandika ilivyo, asiiandike kwa kichwa. Kisha aandike hivi:

"Habari za kazi. Hatufahamiani, nimekuandikia kwa kuwa uko idara ya data. Naomba, ukiona nafaa, unipendekeze kwa nafasi ya Mchambuzi wa Data, Nairobi, namba R-10482, inayofungwa tarehe 30. Kwa miaka mitatu nimeandaa ripoti za mauzo kwa SQL katika kampuni ya kusambaza dawa. Nimeambatisha wasifu na linki ya tangazo. Bado sijatuma maombi. Ukiona haiwezekani, nitaelewa."

Sentensi ya "bado sijatuma maombi" ina uzito wake. Katika baadhi ya mifumo, ukishaomba mwenyewe, pendekezo linalokuja baadaye halihesabiki. Kwa hiyo mwandikie mtu mapema, mkumbushe mara moja baada ya siku chache, na akinyamaza tuma maombi mwenyewe kabla tangazo halijafungwa.

Na hilo la "hatufahamiani" lisifichwe. Fomu nyingi humuuliza mfanyakazi anakujuaje, na jina lake ndilo linalobaki kwenye jibu. Usimwombe aseme mliwahi kufanya kazi pamoja. Ile sentensi moja ya uzoefu wako ndiyo atakayoweza kuinukuu bila kudanganya.

Njia hii ni ya kampuni zenye utaratibu huo. Nafasi za utumishi wa umma Tanzania huombwa kupitia Ajira Portal na kushindaniwa kwa usaili, na kumtafuta mtu wa ndani huko ni kuomba upendeleo. Mfanyakazi wa kampuni yoyote akikudai pesa ili akupendekeze, usilipe, na usimtumie nakala ya kitambulisho chako.