Mafunzo Niliyopata Kwenye Dawati la Picha Zilizokataliwa

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kupitia maombi ambayo mashine imeyakataa. Mtu anataka kufungua akaunti kwa simu, anapiga picha ya kitambulisho, anajipiga selfi, kisha kioo kinamwandikia: imeshindikana, jaribu tena. Anajaribu palepale alipokaa, kwa mwanga uleule na mkono uleule, mpaka mfumo unamfungia. Ndipo faili lake linanifikia, na picha zake zote ninaziona kwa mfululizo. Wengi wao ni watu halali wenye vitambulisho halali. Picha zao zimenifundisha haya.

1. Usirudie kabla hujajua umekwama hatua ipi

Ujumbe wa kukataliwa ni mmoja, lakini nyuma yake kuna hatua kadhaa, na kila moja ina sababu zake. Kwanza mfumo unaangalia ubora wa picha ya kitambulisho: pembe zote nne zionekane, maandishi yasomeke, pasiwe na mng'ao. Kisha unasoma maandishi na kupima kama kadi ni halisi au ni nakala. Halafu unataka kuridhika kwamba aliye mbele ya kamera ni mtu hai, si picha iliyochapishwa, na ndiyo maana unaambiwa ugeuze kichwa au upepese macho. Baada ya hapo unalinganisha uso wa selfi na uso ulio kwenye kadi. Mwisho unalinganisha ulichojaza kwenye fomu na kilichosomwa kwenye kadi.

Unaweza kukisia ulipokwama kwa kuangalia umekataliwa lini. Ukikataliwa papo hapo, kamera ikiwa bado wazi, mara nyingi tatizo ni ubora wa picha. Ukikwama ulipoambiwa ugeuze kichwa, mashine haijaridhika kwamba ni mtu hai. Kama picha zote zilipokelewa vizuri na jibu la kukataa likaja baadaye kwa ujumbe, chunguza taarifa ulizojaza na namna sura yako inavyofanana na ile ya kwenye kadi. Nimeona watu wakipiga selfi mpya mara nyingi sana wakati kosa lilikuwa tarehe ya kuzaliwa.

2. Plastiki ya kadi ndiyo adui wa kwanza

Kadi nyingi zina uso wa plastiki unaong'aa. Ukiwasha flashi, au ukiiweka kadi chini ya taa ya dari, mwanga unaruka na kuacha doa jeupe, na mara nyingi doa hilo linaangukia juu ya namba. Wewe unaweza kuisoma namba kwa kukisia tarakimu iliyofichika. Mashine haikisii. Ikikosa tarakimu moja kati ya ishirini za namba ya NIDA, imeikosa namba nzima.

Dawa yake ni rahisi. Zima flashi. Sogea karibu na dirisha wakati wa mchana, lakini usiiweke kadi kwenye jua moja kwa moja. Ilaze juu ya kitu cheusi kisichong'aa, kama kitambaa kizito au meza ya mbao isiyo na vanishi, ili kingo za kadi zijitenge na kilicho chini yake. Ukiona doa la mwanga kwenye kioo cha simu, izungushe kadi kidogo mpaka doa litoke nje ya maandishi. Tumia kamera ya nyuma. Usiisogeze simu karibu mno, kwa sababu kila lenzi ina umbali ambao haiwezi kuona sawasawa chini ya hapo, na picha itatoka na ukungu hata mkono ukitulia. Acha nafasi ndogo kuzunguka kadi yote.

Kuna huduma zinazotaka selfi ukiwa umeshika kitambulisho. Hapo watu wanakwama zaidi, kwa sababu kamera ya mbele ya simu nyingi za bei nafuu imetengenezwa kuona sawasawa kwa umbali wa mkono tu. Ukiisogeza kadi kwenye kamera ili isomeke, ndipo inapozidi kufifia. Ishike kadi sambamba na shavu, si mbele ya uso, na vidole vyako viwe kwenye ukingo usio na maandishi. Kama programu inaruhusu, mwombe mtu akupige kwa kamera ya nyuma. Na picha ikishapigwa, usiipitishe WhatsApp kama picha ya kawaida kabla ya kuipakia, kwa sababu inapunguzwa ukubwa na herufi ndogo zinapotea.

3. Tarehe na majina hukwamisha watu wenye picha safi

Mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu, alitaka kupokea malipo ya nguo anazouza nje ya nchi kupitia kampuni moja ya kigeni. Alikuja nyumbani na simu mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, kadi ni yangu na sura ni yangu. Wananikatalia nini?"

Nikaomba kuona picha. Zilikuwa nzuri. Tukaanza na tarehe. Kadi yake inasema amezaliwa tarehe 6 Januari 1979. Kwenye fomu alikuwa ameandika 06/01/1979 kama tunavyoandika sote. Lakini fomu ile ilitanguliza mwezi, kwa hiyo ikamwandika kuwa amezaliwa tarehe 1 Juni. Angezaliwa tarehe 25, fomu ingegoma mwenyewe akaona, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Waliozaliwa tarehe 1 mpaka 12 ndio wanaopita bila kuonywa, kisha wanakataliwa mbele. Kwa Mtanzania ipo njia nyepesi ya kuhakiki: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ya kwake ilianza na 19790106. Tulipoifungua sehemu ya taarifa binafsi, tukakuta mfumo umemwandika "June 1". Tatizo likajieleza.

Tukarekebisha. Akakataliwa tena, safari hii kwa maelezo kwamba kitambulisho kimeisha muda. Kadi yake ni ya zile za zamani zilizochapishwa tarehe ya ukomo, na tarehe hiyo ilikuwa imepita. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba ukomo wa kitambulisho cha taifa umeondolewa, na kadi hizo ziendelee kutumika. Benki ya hapa nchini inalijua hilo. Programu ya kampuni ya mbali inasoma tarehe iliyochapishwa na kuamua kwa hiyo. Kupiga picha upya kusingemsaidia hata angepiga studio.

Alikuwa na pasipoti hai, tukaitumia hiyo. Kwenye pasipoti, kitu cha kulinda ni mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa wa picha. Kila mstari una nafasi 44, na kwenye mstari wa pili kuna tarakimu za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya ukomo. Kidole kikifunika herufi moja hapo, hesabu haitakubali na pasipoti halisi itaonekana ya kutiliwa shaka. Kwa hiyo tuliifungua mpaka ikalala bapa, tukabana ukingo wa juu tu.

Jina nalo tukaliandika herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na la kati, ambalo yeye hakuzoea kulitumia. Kama kadi inasema Mohamed, usiandike Mohammed. Jina la ukoo kwenye pasipoti lina mahali pake, nalo liingie kwenye nafasi ya jina la ukoo ya fomu, hata kama mtaani wanakuita kwa mpangilio mwingine.

4. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga wa mbele, na hili si la mtumiaji peke yake

Selfi nyingi zinazokataliwa hapa kwetu zimepigwa mtu akiwa ameupa mgongo mlango au dirisha. Kamera ya simu inapima mwanga wa picha nzima. Ikikuta nyuma pameng'aa, inapunguza mwanga wote, na uso wa mtu mweusi unabaki kivuli. Mashine ya kulinganisha nyuso huugeuza kila uso kuwa safu ya namba, kisha hupima namba hizo zinakaribiana kiasi gani, na kampuni imeweka kiwango cha kupita. Uso ulio gizani unatoa namba zisizoaminika, hivyo mwenye sura yake anaanguka chini ya kiwango.

Geuka, ulielekee dirisha. Nyuma yako pawe ukuta mtupu. Kama kamera inaruhusu, gusa uso wako kwenye kioo ili ipime mwanga hapo. Futa lenzi ya mbele kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole huifunika kwa ukungu. Zima vichujio vya kulainisha ngozi. Shika simu usawa wa macho. Ukiishika chini, kidevu kinakua na paji linapungua. Vua miwani na kofia. Hijabu haina tatizo mradi uso wote uonekane, kuanzia paji mpaka kidevu. Ukiambiwa ugeuze kichwa, geuza polepole.

Hata ukifanya yote hayo, mzigo si wako peke yako. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa kuangalia uso, wakakuta kwa wanawake weusi makosa yalifika hadi asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima mifumo ya kulinganisha nyuso, ikakuta kwamba katika picha za ubora mdogo zilizopigwa mipakani, waliozaliwa Afrika na Karibi walishindwa kulinganishwa na picha zao wenyewe mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mtu anayekataliwa akiwa kwenye mwanga mzuri asijione kuwa hajui kutumia simu.

Picha ya zamani nayo inachangia. Aliyepigwa picha ya kadi akiwa kijana mwembamba, leo ana ndevu na mwili, anaweza kuanguka. Kama una hati mpya zaidi, tumia hiyo.

5. Ukishindwa mara mbili au tatu, omba mtu akuangalie

Mifumo mingi ina kikomo cha majaribio, na kila jaribio bovu linaongeza shaka. Simama kabla hujafungiwa. Andika kwa huduma kwa wateja, taja aina ya hati, saa uliyojaribu na ujumbe ulioupata kama ulivyoandikwa, kisha omba maombi yako yakaguliwe na mtu. Usitume picha ya kitambulisho kwa namba ya mtu anayejiita wakala mtandaoni. Ipitishe ndani ya programu yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa Mtanzania haki ya kutaka uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya.

Na ninyi mnaotengeneza mifumo hii, andikeni sababu. "Namba haisomeki", "tarehe haifanani na ya kwenye kadi", "uso uko gizani". Yule fundi angejua kosa lake siku ya kwanza kama kioo kingemwambia tarehe hazilingani.