Kwa nini simu yako inasema Africa/Nairobi ilhali uko Kitengela?

Ukifungua Mipangilio ya simu, ukaenda kwenye tarehe na saa, huenda ukaona jina la Nairobi hata kama hujatoka Kitengela au Kajiado mjini wiki nzima. Simu haijapotea. Inatumia orodha ya majina ya saa inayoitwa tz, ambayo kompyuta na simu nyingi duniani huitegemea. Majina mengi yana bara na mji, kwa kawaida mji wenye watu wengi katika eneo linalofuata saa moja. Kwa hivyo hakuna `Africa/Kitengela`. Kenya nzima iko chini ya `Africa/Nairobi`.

Wateja wengine hutuuliza: si ingetosha kuandika tu +03:00, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC? Kwa risiti ya pesa iliyokwisha kutumwa, inatosha kabisa. Tukio limepita na dakika yake haibadiliki. Shida huja kwa malipo ya mbele, yale unayopanga leo yajitume yenyewe mwezi ujao.

Tuangalie mfano wa Juba

Hadi Januari 2021, Juba na Kitengela zilikuwa na saa moja. Kisha serikali ya Sudan Kusini ikaamua kurudisha saa nyuma. Usiku wa kuingia tarehe 1 Februari 2021, saa sita usiku ilipofika Juba, saa zilirudishwa hadi saa tano. Tangu hapo Juba iko +02:00, nasi tumebaki +03:00.

Sasa tuseme kijana anafanya kazi Juba na familia yake imepanga nyumba Kitengela. Amepanga kodi ijitume tarehe 1 kila mwezi, saa mbili asubuhi kwa saa ya Juba. Yeye huweka pesa kwenye akaunti saa moja na nusu asubuhi, kwa hivyo ana nusu saa ya kupumua. Mfumo unaweza kuhifadhi agizo hilo kwa njia mbili:

```
2021-02-01 08:00 +03:00
2021-02-01 08:00 Africa/Juba
```

Mwezi Januari mistari hii miwili ilikuwa na maana moja. Februari ikaachana. Mstari wa kwanza ni saa 05:00 UTC, ambayo Juba sasa ni saa moja asubuhi. Kijana bado hajaweka pesa. Malipo yanakataliwa kwa sababu salio halitoshi, na landilodi wa Kitengela anaanza kupiga simu. Mstari wa pili ni saa 06:00 UTC, yaani saa mbili kamili Juba na saa tatu asubuhi Kitengela. Pesa ipo, kodi inaingia.

Tofauti ni kwamba +03:00 ni hesabu tu. Haijui ni ya mji gani, kwa hivyo haiwezi kufuata uamuzi wa serikali yoyote. Jina `Africa/Juba` linabeba historia ya saa za mahali pale, na sheria mpya ikitangazwa, inaongezwa chini ya jina hilohilo. Agizo la mteja haliguswi. Hata sisi tuna historia hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1930, Nairobi ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC, na `Africa/Nairobi` inakumbuka hivyo.

Jina pekee halitoshi

Jina hufanya kazi iwapo orodha iliyo ndani ya simu au seva imeapdetiwa. Toleo la orodha lenye mabadiliko ya Juba, 2021a, lilitoka tarehe 24 Januari 2021, wiki moja tu kabla ya siku yenyewe. Simu ambayo haikulipata ilibaki saa nzima mbele. Dalili yake ni rahisi kuiona: simu mbili zilizo mezani, mji mmoja, zinatofautiana kwa saa moja kamili huku dakika zikilingana. Hapo saa haijachelewa. Orodha ndiyo ya zamani. Usisogeze saa kwa mkono, apdeti simu.

Jambo la pili ni kuchagua saa ya nani. Kama landilodi anataka kodi kabla ya saa tatu asubuhi Kitengela, panga malipo kwa `Africa/Nairobi` hata kama uko Juba au London. Kama unachojali ni saa ambayo pesa yako huingia, tumia jina la mji ulipo. Na kabla ya kubonyeza kukubali, kumbuka kwamba 08:00 ya kwenye skrini ni saa mbili asubuhi, si saa nane.