Visanduku Tisa na Mgawo wa Mtaji

Swali: Kampuni yenye kinu cha unga, malori na duka la vipuri itumieje jedwali la visanduku tisa kugawa mtaji?

Jibu: Jedwali hilo, ambalo McKinsey ililibuni kwa ajili ya General Electric katika miaka ya 1970, hulinganisha mvuto wa sekta na nguvu ya kitengo, kila kigezo kikipewa uzito wake. Malori yakipata alama 4 kati ya 5 kwa ukuaji wa soko (uzito 0.6) na 2 kwa faida (uzito 0.4), mvuto ni 3.2, yaani wa wastani. Nguvu ya kitengo hicho ikiwa kubwa, hustahili mtaji. Hata hivyo, uzito ukipangwa baada ya alama kujulikana, wakuu wa vitengo huuvutia kwao, na dalili yake ni kutokuwepo kwa kitengo chochote katika visanduku vya kuvuna au kuuza.