Mteja Akizikataa Saa Zako: Barua ya Kutetea Ankara



Wengi wetu, tukishakaa hapa Marekani miaka miwili mitatu, huanza kupata kazi za saa chache pembeni: kukagua tafsiri za Kiswahili, kuishauri shule jinsi ya kuzungumza na wazazi waliofika karibuni, kuweka sawa hesabu za duka la jirani. Mara nyingi kazi hizo si ajira. Mwaka ukiisha unapewa fomu ya 1099 badala ya W-2, yaani mteja anakuhesabu kuwa mshauri aliyejiajiri, na wewe unamtumia ankara (sisi tuliotoka Kongo tulizoea kusema fakture). Sheria ya shirikisho ya kima cha chini cha mshahara na saa za ziada inawalinda waajiriwa, haimlindi aliyejiajiri. Basi mteja akikataa sehemu ya ankara yako, silaha zako za kwanza ni mkataba, daftari la saa na barua. Somo letu la leo ni hiyo barua.

Tuchukue mfano. Kliniki moja imemwomba mama mmoja, mwalimu wa zamani, akague fomu zake za Kiswahili. Wamekubaliana dola 40 kwa saa, na mkataba unasema “makadirio ni saa 30.” Ankara mbili za mwanzo, saa 12 na saa 10, zimelipwa bila neno. Ankara ya tatu na ya mwisho ina saa 14.5, yaani dola 580. Kliniki inajibu: “Tulikubaliana saa 30. Zilizobaki ni 8, kwa hiyo tutalipa dola 320. Tena fomu yenyewe ilikuwa kurasa sita tu.” Zinazogombaniwa ni saa 6.5, dola 260.

Wengi hapa hukimbilia kutuma daftari zima la saa wakidhani limejibu kila kitu. Halijajibu. Daftari linaonyesha kwamba ulifanya kazi saa hizo. Mteja hapa hasemi kwamba mama huyu alilala; anasema hakuziagiza hizo saa za ziada. Kwa hiyo kila saa inayogombaniwa inahitaji vitu viwili: mstari wa daftari unaoonyesha kuwa ilifanyika, na barua pepe au ujumbe wa mteja unaoonyesha kuwa aliiomba. Kazi ya barua ni kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

Kabla ya kuandika, rudi kwenye mkataba usome neno moja tu. Ukisema “makadirio,” saa zinaweza kuzidi ikiwa kazi imeongezeka. Ukisema “zisizidi saa 30,” huo ni ukomo, na daftari lako hata liwe zuri namna gani halitakusaidia isipokuwa una maandishi ya mteja yaliyoongeza kazi. Mama wa mfano wetu ana neno “makadirio.”

Sasa fungua daftari. Daftari linaloaminika limeandikwa siku ile ile, lina saa ya kuanza na ya kumaliza, na linataja ulichofanya na kwenye karatasi gani. “Machi 10, 6:00 jioni hadi 9:15 usiku, kukagua fomu mpya ya maswali, kurasa 4” ni mstari wa kutetewa. “Kazi mbalimbali, saa 4” si kitu. Na kama kila siku inaonyesha saa 3 kamili au 4 kamili, mhasibu atashuku mara moja kwamba uliyaandika yote siku ya mwisho.

Angalia pia makosa matatu ambayo ni yetu sisi. La kwanza ni saa ya Kiswahili. Kwetu saa nne asubuhi ni saa 10:00 kwao. Ukiandika 4:00 kwenye daftari, linapishana na barua pepe za mteja kwa saa sita, na unaonekana mwongo bila kudanganya. La pili ni tarehe: 3/10 hapa ni Machi 10, wala si tarehe 3 Oktoba. Andika jina la mwezi. La tatu ni desimali. Saa moja na nusu ni 1.5, na mtu akiandika 1.30 amejipunja dakika 12. Dakika 45 ni 0.75.

Ukigundua mstari una kasoro, usiandike daftari upya ili lipendeze. Liache lilivyo, na kasoro uieleze katika barua. Daftari lililosafishwa baada ya ugomvi likigundulika, hata mistari ya kweli haitaaminika tena.

Mama wetu anaweka daftari na barua pepe ubavuni kwa ubavuni. Anakuta kwamba Machi 6 meneja alimpigia simu akaomba fomu nyingine ya maswali ikaguliwe, na Machi 9 akaituma kwa barua pepe: simu na ukaguzi vilichukua saa 4. Machi 13 alitumia saa 1.5 kurekebisha maneno ambayo meneja aliyabadilisha baada ya kuyakubali. Machi 17 alifika kwenye mkutano saa 10:00 kama alivyoitwa, ukaanza 10:45. Hizo zote ni saa 6.25. Robo saa iliyobaki imeandikwa “maandalizi,” na haina ushahidi wowote. Hiyo anaiondoa.

Wapo watakaosema ni ujinga kuachia dola 10. Mimi naona ni dola 10 zilizotumika vizuri. Mtu anayesoma barua akiona umekagua daftari lako mwenyewe na ukakata kitu, anaanza kuuamini uzito wa yale uliyobaki nayo. Ila usikate saa ambayo una ushahidi wake eti kwa kutafuta amani; mteja ataona saa zako zinapunguka kila akisukuma.

Barua itakwenda kwa Kiingereza. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili uuone mpangilio wake, halafu mtoto wako wa sekondari au sisi ofisini tutakusaidia lugha.

“Aprili 2
Kuhusu: Ankara namba 3 ya Machi 20

Kwa Meneja,
Asante kwa barua yako ya Machi 28. Nimelinganisha kila saa ya ankara hii na daftari langu na barua pepe zetu.

Mkataba wetu ulikadiria saa 30 kwa fomu moja ya kurasa 6. Saa zilizozidi makadirio zilitokana na mambo matatu. Kwanza, Machi 6 uliomba kwa simu fomu ya pili ikaguliwe, na Machi 9 uliituma kwa barua pepe: saa 4. Pili, Machi 12 uliomba kwa barua pepe maneno yaliyokwisha kukubaliwa yabadilishwe: saa 1.5. Tatu, mkutano wa Machi 17 uliitishwa saa 10:00 asubuhi na ukaanza 10:45: saa 0.75. Nimeambatanisha barua pepe hizo pamoja na kurasa za daftari.

Dakika 15 za Machi 17 nilizoandika kuwa maandalizi nimeziondoa, kwa sababu sikuandika maelezo ya kutosha. Ankara iliyosahihishwa ni saa 14.25, dola 570.

Saa 8, dola 320, hazina ubishi kati yetu. Naomba zilipwe sasa. Kuhusu dola 250 zilizobaki, naomba malipo, au unitajie mstari usioukubali na sababu yake, kabla ya Aprili 16. Niko tayari kuupitia nawe kwa simu.”

Ona kilichoachwa nje. Hakuna salamu ndefu za familia. Kwetu ni adabu, lakini hapa mstari mmoja wa asante unatosha. Hakuna “kodi ya nyumba inanisubiri,” kwa sababu shida yako haithibitishi saa hata moja, na inamfahamisha mteja kwamba unaweza kukubali kidogo. Hakuna kutisha kwa wakili. Na saa 8 ambazo mteja amezikubali hazitetewi tena, maana kuzitetea ni kuzifungulia mlango wa ubishi mpya.

Hoja ya kusubiri mkutanoni ndiyo dhaifu kuliko zote, na ni vizuri uijue hivyo. Ikiwa mkataba haukusema kwamba muda wa kusubiri unalipwa, mteja anaweza kuukataa. Kukipatikana mapatano kwa simu, hapo ndipo pa kulegeza. Saa 4 za fomu ya pili usizilegeze.

Jambo moja kuhusu viambatanisho. Siku moja mama wetu aliketi na akina mama watatu wagonjwa kuwasomea fomu waone kama wanaielewa, na majina yao yamo katika daftari. Kabla ya kutuma, anayafunika kwenye nakala na kuandika pembeni “majina yamefichwa.” Daftari la asili linabaki nyumbani bila kuguswa. Karatasi hizi zitafika kwa mhasibu, ambaye hana sababu ya kujua nani anatibiwa pale.

Tuma barua kwa yule aliyekupa kazi, na nakala kwa wahasibu, kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Siku zikipita bila jibu, angalia sheria ya mahali unapoishi. Jiji la New York tangu 2017, na jimbo la Illinois tangu Julai 2024, wana sheria ya waliojiajiri: mkataba usipotaja tarehe ya malipo, mteja anatakiwa kulipa ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Inahusu kazi za kuanzia dola 800 huko New York na dola 500 huko Illinois. Kwingine iko mahakama ya madai madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Jaji atataka kuona mkataba, daftari na barua pepe, karatasi zile zile ulizokwisha kuambatanisha.

Ikija hundi ya dola 320, isome pande zote mbili, na barua iliyokuja nayo, kabla ya kwenda benki. Kama imeandikwa kwa Kiingereza kwamba haya ni malipo kamili ya ankara, usiiweke benki kwanza. Katika majimbo mengi, kuipokea hundi ya namna hiyo wakati deni lina ubishi wa kweli kunaweza kuhesabiwa kwamba umekubali, na zile dola 250 zimekwisha. Kuyafuta maneno hayo kwa kalamu huenda kusikuokoe. Piga picha ya hundi, utuletee ofisini, na tutaandika pamoja kuomba nyingine isiyo na maneno hayo.