Kilele cha Lirhanda bila msongamano

Swali: Tulipanda kilima cha Lirhanda katika msitu wa Kakamega Jumamosi saa nne asubuhi, tukakuta mabasi mawili ya wanafunzi. Hatukuona ndege wala nyani. Twende lini?

Jibu: Nendeni siku ya kazi, na muwe kileleni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Basi la shule haliwezi kufika saa hiyo, kwa sababu linatoka mbali. Hiyo ndiyo saa ya mbega kunguruma na hondohondo kuruka juu ya miti. Jua likishapanda, wanyama hujificha kwenye majani na huwaoni hata pakiwa kimya.

Ila kuwahi kunaanza jana yake. Laleni Isecheno, mpatane na mwongozaji jioni, mbebe tochi, maana njia mtaipita gizani. Msiache safari iwe ya alasiri: hapa mvua kwa kawaida hunyesha mchana ukishageuka.

Kama mna Jumamosi tu, mimi ningeacha Lirhanda kabisa niende Buyangu, upande wa kaskazini unaosimamiwa na KWS. Huko pia kuna kilima cha kutazamia, na maporomoko ya mto Isiukhu. Kiingilio hulipwa kando.

Aprili na Mei wageni hupungua sana, lakini udongo huteleza na siafu huvuka njia. Vaeni buti, suruali mziingize ndani ya soksi. Mkiwa na mtoto mdogo, subirini Januari, shule zikishafunguliwa.